OTP haiji: maswali ya wanaolipia mtandaoni kwa kadi, Mtwara na Lindi

Nina duka dogo la huduma za mtandao hapa Mtwara mjini, upande wa Chikongola. Watu huja kulipia tiketi za ndege, ada za maombi ya vyuo, vipuri vya mashine. Kadi ipo, pesa ipo kwenye akaunti, halafu mtu anakwama palepale mwisho, akisubiri OTP, ile namba ya siri ya kutumika mara moja inayokuja kwa meseji, anaitazama simu kama anayesubiri daladala. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi, na majibu yake nimeyapata kwa kuhangaika na wateja mmoja mmoja.

Hiyo OTP inatumwa na nani hasa?

Inatumwa na benki iliyokupa kadi. Wengi hudhani inatoka kwenye duka la mtandaoni, na kosa hilo huwapotezea muda mwingi. Ukishajaza namba za kadi, duka huuliza mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, kadi hii ni ya benki gani. Kisha unafunguliwa ukurasa mdogo ulioandikwa `Visa Secure` au `Mastercard ID Check`. Ukurasa huo ni wa benki yako, ingawa umetokea ndani ya tovuti ya duka. Benki inatengeneza namba ya siri ya kutumika mara moja, inaikabidhi kwa kampuni inayosambaza ujumbe, kampuni hiyo inaipeleka kwa mtandao wa simu, na mtandao unaitafuta simu yako ilipo.

Kwa hiyo namba ya simu uliyoandika kwenye fomu ya tiketi haina kazi hapa. Nimeona watu wakirudi nyuma na kuandika namba ya mume au ya mtoto kwenye fomu ile, wakitumaini OTP itafuata huko. Haifuati. Benki inatazama namba iliyo kwenye kumbukumbu zake tu.

Nianze kuangalia wapi?

Anza na skrini, simu baadaye. Ukurasa wa OTP karibu kila mara huonyesha tarakimu za mwisho za namba iliyotumiwa, tatu au nne, nyingine zikiwa zimefichwa kwa nyota. Zisome polepole kabla ya kubonyeza chochote.

Kama tarakimu hizo si zako, tatizo liko kwenye namba uliyosajili benki, na hakuna utakachofanya kwenye simu kitakachosaidia. Kama ni zako, tatizo laweza kuwa la simu, la mtandao, au la namba iliyoandikwa vibaya mwanzoni, sehemu ambayo nyota zimeificha. Na kama ukurasa wenyewe haukutokea, malipo yakakataliwa moja kwa moja, basi hakuna OTP iliyotumwa. Usikae kuisubiri. Hapo shida iko kwenye mipangilio ya kadi.

Tarakimu za kwenye skrini si zangu. Inawezekanaje, wakati meseji za salio napata?

Inawezekana kwa sababu benki haikai na namba yako mahali pamoja. Ipo kwenye taarifa za akaunti, ile fomu uliyojaza siku ya kufungua. Ipo pia kwenye huduma ya benki kwa simu, ile unayoingia kwa `*150*66#` au `*150*03#` kutegemea na benki. Na katika benki nyingi ipo tena kwenye mfumo wa kadi, ambako ndiko OTP inakochukua namba. Ulipobadili laini ukaenda tawini kusajili upya benki kwa simu, mhudumu alibadilisha pale ulipoomba. Kadi ikabaki na namba ya zamani.

Huku kwetu kuna jambo jingine ninalokutana nalo kwa wakulima wa korosho. Malipo ya mnada yalipoanza kuingia benki, wengi walifungua akaunti kwa haraka, fomu zikijazwa kwa mkupuo. Mzee hakuwa na simu, ikaandikwa namba ya kijana wake, au ya jirani aliyesindikizana naye. Leo kijana yuko Dar na laini ile alishaitupa. Mzee kapewa kadi, mjukuu anataka kuitumia kulipia ada ya maombi ya chuo, na OTP inakwenda kwenye laini isiyo na mwenyewe. Au ina mwenyewe mpya, maana laini iliyokaa bila kutumika kwa miezi hufungwa na namba yake huweza kuuzwa tena. Hilo la pili linanitia hofu zaidi, na ndiyo sababu ya kutoliahirisha.

Dawa ni moja: mwenye akaunti aende tawini mwenyewe, na kitambulisho cha NIDA na kadi. Kwa simu halimaliziki, na ni vizuri kwamba halimaliziki, kwa sababu kama lingewezekana kwa simu, tapeli naye angeliweza.

Tarakimu ni zangu, meseji nyingine za benki zinaingia, ila OTP tu haiji. Hapo je?

Hili lilinisumbua siku nzima, kwa hiyo nitalieleza lilivyokuwa.

Dada mmoja jirani yangu alikuwa anamkatia mama yake tiketi ya ndege kwenda Dar kwa matibabu. Skrini ilionyesha namba inayoishia 41, ambayo ni yake. Tukasubiri dakika tano, kimya. Tukaomba tena, kimya. Nikazima na kuwasha simu, nikaihamishia laini kwenye simu yangu, kimya vilevile. Nikamwomba mtu amtumie meseji ya kawaida, ikaingia papo hapo. Kisha akatuma elfu mbili kwa benki kwa simu, na taarifa ya muamala kutoka benki ikaingia nayo. Kwa hiyo laini nzima, simu nzima, jina la benki halijazuiwa. Nafasi ya tiketi ikaisha muda wake tukiwa tunatazamana.

Asubuhi tukaenda tawini. Nilimwomba mhudumu, kwa heshima, atusomee namba iliyo kwenye mfumo wa kadi tarakimu kwa tarakimu, si ile ya kwenye akaunti. Akasoma. Ilikuwa hivi, ya tatu kati ya hizi:

```
07XXXXXX41
+2557XXXXXX41
+25507XXXXXX41
```

Ya kwanza ni namba tunavyoiandika nyumbani, tarakimu 10. Ya pili ni namba hiyohiyo ikiwa na 255 ya Tanzania, tarakimu 12, na sifuri imeondoka. Ya tatu ina 255 na sifuri vyote viwili, tarakimu 13, na namba ya namna hiyo haipo. Aliyeingiza taarifa aliweka 255 kisha akanakili namba kutoka kwenye fomu bila kutoa sifuri. Nyota za kwenye skrini zilificha mwanzo na kutuonyesha mwisho tu, na mwisho ulikuwa sahihi. Taarifa za miamala zilikuwa zikifika kwa sababu zinatoka kwenye kumbukumbu nyingine, iliyoandikwa vizuri.

Mhudumu alirekebisha, akamsainisha dada fomu, akatuambia tujaribu baada ya saa chache ili mabadiliko yaingie. Jioni OTP ilikuja chini ya nusu dakika. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia tarakimu za mwisho ni zake, namuuliza: na za mwanzo umeziona?

Nilihama mtandao nikabaki na namba yangu ileile. Inaweza kuwa sababu?

Ndiyo. Kuhama na namba kumeruhusiwa Tanzania tangu 2017. Namba yako inaanza kama ya kampuni ya zamani, lakini simu yako sasa iko kwa kampuni mpya. Msambazaji wa ujumbe asiyeangalia kumbukumbu za waliohama huipeleka OTP kwa kampuni ya zamani kwa kufuata tarakimu za mwanzo, na huko hakuna wa kuipokea.

Utalitambua kwa hivi: meseji za watu zinafika, lakini za taasisi mbalimbali, si benki peke yake, zinafika kwa kubahatisha. Piga 100, uwaambie huduma kwa wateja wa mtandao wako wa sasa kwamba ulihama na hupati ujumbe unaotoka kwa majina ya taasisi. Waambie na benki pia, maana anayeweza kumbana msambazaji ni benki inayomlipa. Kama una haraka, sajili kwenye kadi laini nyingine ambayo haijahama, iliyo kwa jina lako.

Niko Kilambo, huku karibu na Ruvuma. Mtandao umejaa lakini OTP haiji.

Tazama jina la mtandao juu ya skrini, kisha tazama saa. Kandokando ya Ruvuma, kuanzia Kilambo hadi kule Mtambaswala, simu hushika minara ya Msumbiji, hasa ukiwa bondeni ambako mnara wetu hauonekani vizuri. Saa ya Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Kama simu yako inajipangia saa yenyewe na ghafla inasema saa nne wakati ni saa tano, umeshavuka mpaka bila kusimama.

Laini ikiwa kwenye mnara wa nchi nyingine, ujumbe hupita njia ndefu kati ya kampuni mbili, na laini nyingi za malipo ya kabla hazijafunguliwa huduma hiyo. Vijiti vitajaa, lakini ni vya mtandao usiokuhudumia. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mitandao, zima uchaguzi wa moja kwa moja na uchague mwenyewe mtandao wako wa Tanzania. Ukikataa kushika, panda mahali palipoinuka. Ukimaliza shughuli, rudisha uchaguzi wa moja kwa moja, la sivyo kesho utajikuta huna mtandao ukiwa mjini.

Meseji zinakuja zote kwa mkupuo baada ya nusu saa, na kila namba nikiingiza inakataliwa.

Hili ni la kawaida sana Newala, Tandahimba, Liwale, kokote ambako mtandao unakatakata, na inafaa kujua kinachotokea.

Ujumbe hauji moja kwa moja kwenye simu yako. Unafikia kwanza kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu. Kituo kinaitafuta simu. Kikiikosa, kinauhifadhi na kujaribu tena baadaye, na kila jaribio linaposhindwa, muda kati ya jaribio na jaribio huongezeka. Simu ikijitambulisha upya kwa mnara, kituo hupata habari na kumwaga vyote vilivyokuwa vikisubiri. Ndiyo mkupuo unaouona.

OTP nayo ina uhai mfupi, mara nyingi dakika kati ya tatu na kumi kutegemea na benki. Na kila unapobonyeza kuomba nyingine, iliyotangulia hufa hata kama haijafika. Mtu akibonyeza mara nne anapata namba nne, zinaingia bila mpangilio, anachukua ya juu akidhani ndiyo mpya. Akikosea mara kadhaa, nyingi huwa tatu, benki inafunga jaribio lote na wakati mwingine kadi yenyewe kwa malipo ya mtandaoni.

Mimi hufanya hivi. Kabla ya kuanza malipo, sio baada, naweka simu kwenye hali ya ndege kwa sekunde thelathini, kisha naitoa, ili ijitambulishe upya kwa mnara. Namtumia mteja meseji ya kawaida nione inaingia kwa muda gani. Ikiingia mara moja, tunaanza. OTP ikichelewa, tunasubiri hadi muda wa ukurasa uishe, tunaomba mara moja tu zaidi. Ikishindikana tunaacha, tunasubiri kama saa moja na kuanza malipo upya. Kama meseji ya majaribio yenyewe haikuingia, hatugusi kadi kabisa.

Je, ni kwa sababu sina bando au salio?

Hapana. Kupokea meseji ndani ya nchi hakuhitaji salio wala bando. Bando ni la kufungulia ukurasa wa malipo tu. Isipokuwa benki yako iwe inatuma OTP kwa barua pepe au inataka uthibitishe ndani ya programu yake. Hapo intaneti inahitajika, na skrini itakuambia hivyo.

Simu yenyewe inaweza kuizuia?

Inaweza, na mara nyingi ni sisi wenyewe tulioiambia. Benki huweza kutumia jina moja kutuma matangazo na OTP. Ukichoka na matangazo ukazuia jina hilo, umezuia vyote. Kwenye simu janja nyingi, fungua programu ya meseji, ingia kwenye menyu, utafute `Spam & blocked`. Nimeshakuta OTP za wiki mbili zimelala humo.

Kitochi kina shida yake: nafasi ya meseji ikijaa, mpya hazipokelewi hadi ufute za zamani. Na simu ya laini mbili, ukiwa unaongea kwa laini moja, nyingi huiacha nyingine bila mtandao hadi ukate. Kwa hiyo usilipie huku ukiongea na mtu anayekusomea maelekezo. Kata kwanza.

Laini ilipotea, nikairudisha juzi kwa namba ileile. Tangu hapo OTP haiji.

Baadhi ya benki husimamisha huduma kwa namba ambayo laini yake imetoka kubadilishwa, kwa sababu wezi huwahi kurudisha laini ya mtu kisha kunasa OTP zake. Ni kinga nzuri hata kama inakuudhi. Nenda tawini na kitambulisho, uwaambie ni wewe uliyeirudisha. Kabla ya hapo piga `*106#` uhakikishe laini hiyo iko kwenye NIDA yako na si ya mtu mwingine. Kama uliirudisha kwa kitambulisho cha ndugu, hapo ndipo kazi itakapoanzia.

Ukurasa wa OTP hautokei kabisa. Malipo yanakataliwa tu.

Uwezekano mkubwa ni kwamba malipo ya mtandaoni hayajawashwa kwenye kadi yako. Benki nyingi hutoa kadi ikiwa inafanya kazi kwenye ATM na mashine za dukani, mtandaoni imefungwa hadi mwenyewe uombe. Nyingine zina swichi yake kwenye programu ya benki, pamoja na ukomo wa kiasi kwa siku. Kadi mpya iliyokuja kuchukua nafasi ya ile iliyoisha muda huweza kuanza tena ikiwa imefungwa, hata kama ya zamani ulishaifungua.

Kuna na tovuti ambazo hazitumii OTP. Hazikutumii namba kwa sababu hazijaiomba, na pesa inakatwa hivyohivyo.

OTP haikuja, je, pesa yangu imekatwa?

Kwa kawaida hapana. Uthibitisho hutangulia, na benki hukubali kukata baada yake. Angalia salio kabla ya kujaribu tena. Ukiona limepungua, usilipe mara ya pili. Tunza muda wa muamala na kiasi, uwapigie benki. Huenda ni pesa iliyozuiliwa tu, na hiyo huachiwa baada ya siku kadhaa.

Nikifika tawini niseme nini ili nisizungushwe?

Ukisema "OTP haiji" utaambiwa ni mtandao, urudi kesho. Na msimu wa korosho foleni inafika nje, kesho ni siku nzima. Sema hivi: "Naomba uniangalizie namba ya simu iliyo kwenye mfumo wa kadi, unisomee yote, kuanzia mwanzo. Naomba uangalie pia kama malipo ya mtandaoni yamewashwa kwenye kadi hii." Uwe na tarehe na saa ya jaribio lako la mwisho, kwa sababu kwa saa hiyo wanaweza kuuliza makao makuu kama ujumbe ulitoka na uliishia wapi. Wakikuambia ulitoka salama, chukua saa hiyohiyo uende nayo kwa mtandao wako wa simu.

Malalamiko yakikaa bila jibu, yaandike kwa benki yako kwanza na ubaki na nakala. Benki Kuu ina tawi hapa Mtwara na hupokea malalamiko ya wateja, lakini itakuuliza kama ulishaanzia kwa benki yako.

Nikiwa nasubiri OTP, mtu amenipigia akasema ni wa benki, nimsomee namba ikifika.

Kata simu. Benki ndiyo iliyoitengeneza namba hiyo, haina haja ya kusomewa. Aliyepiga ameshazipata namba za kadi yako mahali fulani na amebakiza hiyo moja, kwa hiyo usiishie kukata: ifunge kadi kupitia programu au kwa kupiga namba iliyo nyuma ya kadi. Namba ya aliyekupigia itume kwenda 15040. Na OTP ikiingia wakati hukuanza malipo yoyote, iache humo ilivyo, uende tawini na simu hiyo.